Basi la Tabora na basi la Kigoma: yanapishana saa ngapi?

Hesabu, Darasa la Saba. Mlinganyo katika mafumbo ya mwendokasi.

SWALI

Basi la kwanza linaondoka Tabora saa 12:00 asubuhi kwenda Kigoma, kwa mwendokasi wa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Basi la pili linaondoka Kigoma saa 1:30 asubuhi ya siku hiyohiyo kuja Tabora kwa barabara hiyohiyo, kwa mwendokasi wa wastani wa kilomita 50 kwa saa. Urefu wa barabara ni kilomita 420.

(a) Andika mlinganyo wa kutafuta muda ambao mabasi hayo yatapishana.
(b) Yatapishana saa ngapi?
(c) Yatapishana umbali gani kutoka Tabora?

Watoto wangu, wengi wenu mmewahi kupanda basi hilo, au mmepokea mzigo uliokuja nalo: dagaa na mawese kutoka Kigoma, asali kutoka huku kwetu. Kwa hiyo kabla hujaandika namba yoyote, fumba macho uione barabara. Inatoka Tabora, inapita Urambo, inapita Kaliua, inavuka mto Malagarasi, inafika Uvinza, kisha Kigoma. Namba 420 nimeiweka mimi ili hesabu ikae vizuri, lakini haiko mbali na ukweli.

Neno "wastani" nalo lisikupite. Basi halitembei kilomita 60 kila saa bila kubadilika. Kisheria basi la abiria halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata barabara ikiwa nyeupe, na likiingia mjini linapunguza hadi 50. Linashusha, linapakia, watu wanakunywa chai. Wastani umekwisha kuyachanganya hayo yote kwenye namba moja, basi usiyahesabu mara ya pili.

Sasa chora mstari mmoja daftarini. Mwisho wa kushoto andika T, mwisho wa kulia andika K. Toka T chora mshale unaokwenda kulia, toka K chora mshale unaokuja kushoto. Mishale inapogusana weka nukta. Huo mchoro ndio mlinganyo wenyewe, bado haujavaa namba tu. Tazama: kipande kilichotembewa na basi la Tabora, ukikiunga na kipande kilichotembewa na basi la Kigoma, unapata barabara nzima. Hakuna kilomita iliyobaki katikati, na hakuna kilomita iliyotembewa na mabasi yote mawili.

kipande cha Tabora + kipande cha Kigoma = 420

Sentensi hiyo iandike kwa maneno kabla ya kugusa herufi. Nimesahihisha madaftari mengi ya mada hii, na mwanafunzi aliyeiandika kwa maneno kwanza hupotea mara chache sana.

Kila kipande ni mwendokasi mara muda. Mwendokasi tunao. Muda hatunao, basi tuuite t. Lakini t ya nani? Hapa ndipo swali lote lilipolala, kwa sababu mabasi hayakuondoka pamoja. Dakika ile yanapopishana, dereva wa Tabora amekuwa njiani muda mrefu kuliko mwenzake. Ni lazima uandike wazi:

Acha t iwe idadi ya saa tangu basi la Tabora lilipoondoka.

Basi la Kigoma limechelewa kuondoka kwa saa 1.5. Ukichelewa kuanza, umetembea muda mfupi zaidi, kwa hiyo lenyewe limekuwa njiani kwa saa t − 1.5. Vipande vyetu ni hivi:

kipande cha Tabora = 60t
kipande cha Kigoma = 50(t − 1.5)

Na mlinganyo, ambao ndio jibu la (a):

60t + 50(t − 1.5) = 420

Kutafuta t ni kazi mliyokwisha kuizoea:

60t + 50t − 75 = 420
110t − 75 = 420
110t = 495
t = 4.5

Basi la Tabora limetembea saa 4.5 hadi kupishana. Liliondoka saa 12:00 asubuhi, kwa hiyo wanapishana saa 4:30 asubuhi. Kutoka Tabora ni 60 × 4.5 = kilomita 270.

Usifunge daftari bado. Basi la Kigoma limetembea saa 4.5 − 1.5 = 3, yaani 50 × 3 = kilomita 150. Sasa 270 + 150 = 420. Barabara imetimia. Halafu rudi kwenye ile barabara uliyoiona ukiwa umefumba macho: Uvinza iko kilomita mia moja na kidogo kutoka Kigoma, kwa hiyo kilomita 150 maana yake basi la Kigoma limekwisha kuipita Uvinza na linakuja huku. Ni jibu linaloingia akilini. Kama ungepata kwamba yanapishana kilomita 600 kutoka Tabora, hata msaidizi wa dereva angekwambia hapo umekosea.

Nataka tukae kidogo kwenye saa, kwa kuwa hapo napoteza wanafunzi wazuri kabisa. Swali linasema 12:00 na 1:30. Mwanafunzi anatoa namba ndogo kwenye kubwa, 12:00 − 1:30, anapata 10:30, na basi la Kigoma linageuka kuwa limechelewa saa kumi na nusu! Kumbuka tunavyohesabu saa zetu: jua likichomoza ni saa 12, na kutoka hapo tunaanza moja, mbili, tatu. Saa 12 asubuhi ni kama sifuri ya mchana. Toka 12:00 hadi 1:00 ni saa moja, toka 1:00 hadi 1:30 ni nusu saa. Jumla saa 1.5.

Umeona jambo jingine? "Saa moja na nusu" ni wakati ambao basi la Kigoma liliondoka, na "saa moja na nusu" ni muda ambao lilichelewa. Maneno ni yaleyale kwa vitu viwili tofauti. Vivyo hivyo t = 4.5, na saa ya kupishana ni 4:30. Yamelingana kwa sababu moja tu: basi la kwanza liliondoka saa 12 kamili asubuhi, pale hesabu ya mchana inapoanzia. Katika swali hili ni zawadi, ipokee. Katika swali litakaloanza saa 2 asubuhi zawadi hiyo haipo, na anayeandika t kama jibu la "saa ngapi" atakosa alama.

Wiki hii wanafunzi wawili waliniletea madaftari wakibishana. Mmoja alikuwa na t = 4.5, mwenzake t = 3. Kila mmoja ana uhakika. Nikamwomba wa pili anisomee mlinganyo wake:

60(t + 1.5) + 50t = 420

Nikamuuliza, "Mwanangu, t yako inaanza kuhesabiwa lini?" Akajibu, "Tangu basi la Kigoma lilipoondoka, mwalimu." Basi yuko sahihi. Kwake yeye, basi la Tabora limetembea saa 1.5 zaidi, ndiyo maana ameweka kujumlisha. 60t + 90 + 50t = 420, 110t = 330, t = 3. Saa 3 baada ya saa 1:30 ni saa 4:30 ileile. Wote wawili walipata. Kilichowagombanisha ni kwamba hakuna aliyeandika t ni nini. Ndiyo maana ule mstari unaoanza na "Acha t iwe..." mimi nauwekea alama yake peke yake.

Na angalia ile 90 iliyotokea kwenye mlinganyo wa pili. Ni kilomita ambazo basi la Tabora limekwisha kutembea wakati basi la Kigoma linawasha injini. Abiria wake wako karibu na Urambo. Zimebaki kilomita 330 kati ya mabasi, na kila saa pengo hilo linapungua kwa 60 + 50 = 110. Anayependa kuona anachokihesabu ataipenda njia hii.

Makosa matatu ninayokutana nayo. Kuandika 60t + 50t = 420 ni kusema mabasi yaliondoka pamoja; soma tena swali. Kuandika 60t + 50(t + 1.5) = 420 ni kulipa aliyechelewa muda zaidi kuliko aliyewahi. La tatu ni kuandika 60t = 50(t − 1.5), na hili linahitaji maelezo. Mlinganyo huo unasema vipande viwili viko sawa, jambo ambalo ni kweli pale magari mawili yanapotoka mahali pamoja kuelekea upande mmoja na la nyuma linalifikia la mbele. Ukiukokotoa unapata t = −7.5. Muda hasi! Hesabu yenyewe inakukatalia: gari lililochelewa na lina mwendo mdogo halitamfikia aliyetangulia. Ukiona hasi kwenye muda, usifute alama ukaendelea. Rudi kwenye mchoro utazame mishale inaelekea wapi.

KAZI YA NYUMBANI

1. Lori la chumvi linaondoka Uvinza saa 2:00 asubuhi kuja Tabora kwa kilomita 40 kwa saa. Basi linaondoka Uvinza saa 3:30 asubuhi kuja Tabora kwa barabara hiyohiyo, kwa kilomita 70 kwa saa. Andika mlinganyo, kisha tafuta basi litalifikia lori saa ngapi na kilomita ngapi kutoka Uvinza. Chora mishale kwanza.

2. Rudi kwenye swali letu la kwanza. Basi la Tabora limepata pancha njiani kabla ya kupishana, na kubadilisha tairi kumechukua dakika 55. Muda uliobaki wote limekwenda kwa kilomita 60 kwa saa. Basi la Kigoma halikubadilisha chochote. Yatapishana saa ngapi? (Dakika 55 ziandike 55/60 ya saa, na usiogope sehemu hiyo: ukiizidisha kwa 60 inaondoka yenyewe.)

Majibu, ya kutazama baada ya kumaliza:

1. 40t = 70(t − 1.5), t ikiwa ni saa tangu lori lilipoondoka. t = 3.5. Ni saa 5:30 asubuhi, kilomita 140 kutoka Uvinza.

2. 60(t − 55/60) + 50(t − 1.5) = 420. t = 5. Ni saa 5:00 asubuhi, kilomita 245 kutoka Tabora na 175 kutoka Kigoma.