Jina la Mjomba

Ilikuwa Juni, mikorosho inatoa maua, na kila nyumba ya kijijini kwetu Tandahimba inanuka salfa. Baba alikuwa ametoka tangu alfajiri, kabla upepo haujaamka, maana unga wa salfa ukipulizwa jua likishapanda unaishia hewani na ugonjwa wa ubwiri unabaki kwenye maua. Mimi nilikuwa naosha madumu uani simu yangu ilipoita. Namba ilianza na +968.

Kwetu namba ya Oman maana yake ni kaka Hamisi, mtoto wa shangazi. Lakini sauti haikuwa yake.

"Asalaam alaykum. Naongea na nyumba ya Mohamedi Issa?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, laini, chenye "khe" ya kooni. Nikaitikia. Akasema yeye ni mandubu wa kampuni anayofanya kazi Hamisi, yaani ndiye anayezunguka na makaratasi ya wafanyakazi kwenye ofisi za serikali. Anamtaka Mohamedi Issa mwenyewe, tena upesi.

Nilikimbia na simu mkononi hadi shambani. Sikumbuki nilikanyaga wapi. Mtu akikupigia kutoka ughaibuni asubuhi hiyo, akamtaka mzee na si wewe, unawaza mambo mawili tu: mauti au jela.

Baba alikuwa chini ya mkorosho mkubwa wa bibi, mashine mgongoni, kope zimegeuka njano. Alizima mashine. Simu yake mwenyewe ilikuwa imezimwa kama kawaida yake, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki mfukoni mwa shati, ili chaji isimalizike na salfa isiingie. Ndiyo sababu Hamisi siku zote huandika namba yangu. Nikaweka sauti kubwa.

"Wewe ndiye kafili wa Hamisi?" mtu wa Maskati akauliza.

"Mimi ni mjomba wake. Amefanya nini mwanangu?"

"Hajafanya kosa, mzee wangu. Tulia. Ni fomu."

Akaeleza. Kibali cha kazi cha Hamisi cha miaka miwili kilikuwa kinakwisha Alhamisi, na siku ile ilikuwa Jumanne. Kile cha kwanza, mwaka 2022, wakala wa Dar es Salaam ndiye aliyejaza kila kitu, Hamisi akatia sahihi tu. Safari hii kampuni iliwapa wafanyakazi karatasi wajaze wenyewe kabla haijaingizwa kwenye kompyuta. Penye neno "Sponsor", Hamisi aliandika jina la baba yangu lote, akaongeza kijiji, wilaya na mkoa.

Mimi nilielewa hapo hapo kilichotokea, na nadhani baba pia.

Mwaka 2013, kabla elimu bila ada haijaanza, Hamisi alirudishwa nyumbani kwa karo akiwa kidato cha kwanza. Baba alimrudisha shuleni kwa baiskeli, hela kaifunga kwenye pindo la msuli. Mwalimu akachukua fomu, akauliza, "Sponsa wa huyu kijana nani?" Baba akauliza sponsa ni nini. Mwalimu akamwambia, anayekulipia. Baba akasema, basi ni mimi, na jina lake likaandikwa mstari huo. Tangu siku ile Hamisi akimtania baba humwita sponsa. Na alipopata safari ya Oman, baba aliuza korosho kwa kangomba, zingali juu ya mti. Hela ya nauli, vipimo na wakala ilitakiwa kabla ya mavuno, na wakala hangoji korosho. Mnada ulipofunguliwa Oktoba, bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile tuliyopewa. Mwaka ule hatukuezeka nyumba. Baba hakulitaja jambo hilo hata mara moja, na mimi nimelisema hapa kwa sababu bila hilo mtu hawezi kujua kwa nini Hamisi hakusita alipokutana na neno lile.

"Huku neno hili lina maana nyingine," mandubu akasema. "Sponsa ndiye kafili. Ni mwajiri. Ndiye aliyemwombea kibali, ndiye anayejibu kwa serikali. Hamisi akiugua, akipotea, akitakiwa kurudishwa kwao, anaulizwa yeye."

Baba alikaa kimya kidogo. Kisha akasema taratibu, "Hayo yote uliyoyataja ni kazi ya mjomba."

Na kwetu Wamakonde ndivyo ilivyo. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mpwa akivunja kitu cha watu, anayefuatwa ni mjomba. Akioa, anayekaa mbele ni mjomba. Baba hakuwa anabishana, alikuwa anajibu alichoulizwa.

"Wallahi nakuelewa," yule bwana akasema, na sauti yake ikashuka. "Bibi yangu alizaliwa Unguja, mambo haya nimeyasikia. Lakini mashine ya serikali hailikubali jina lako. Inataka kampuni. Nimempa Hamisi fomu mpya tangu jana na hataki kuijaza. Anasema halifuti jina la mjomba wake mpaka mjomba aseme mwenyewe. Na kibali kikipita siku, faini zinaanza kuhesabika. Ndiyo maana nimepiga."

Baba akavua kofia. Unga wa njano ukadondoka mabegani.

"Yupo hapo?"

Tukasikia simu ikipita mkononi, kisha pumzi ya Hamisi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Sasa sikiliza, mwanangu. Hiyo karatasi ni yao, na neno ni lao. Waandikie wanavyotaka."

"Mjomba, nilidhani wanauliza nani kanileta hapa."

"Najua."

"Sasa nitaandika watu ambao hata nauli..."

"Hamisi. Kwani ukifuta karatasi unanifuta mimi? Andika jina la kampuni, kijana. Mimi nina salfa inamwagika hapa."

Haikuwa inamwagika. Mashine ilikuwa imezimwa, imeegemea shina. Nilimwona baba akifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye unga, akajiumiza zaidi, ikabidi nikalete dumu la maji anawe.

Jioni ile Hamisi alinitumia picha ya fomu mpya kwa watsapu. Penye "Sponsor" palikuwa na jina la kampuni na muhuri wa buluu uliopinda kidogo. Chini kabisa palikuwa na mstari mwingine, wa mtu wa kuarifiwa likitokea la dharura, na hapo mwandiko wa Hamisi ulikuwa umekazwa hadi kalamu karibu itoboe karatasi: Mohamedi Issa, mjomba, Tandahimba, Mtwara. Safari hii hakuandika namba yangu. Aliandika namba ya baba.

Nilimsomea baba barazani. Akaishika simu karibu na taa, akaniuliza, "Hapa wanasema nini hasa?"

"Wanasema likitokea jambo, wakupigie wewe."

"Usiku pia?"

"Saa yoyote."

Hakusema neno. Asubuhi nilipoamka kumchemshia chai alikuwa amekwisha kwenda shamba. Chaja ya sola ilikuwa nje ya mlango, waya wake umekunjwa vizuri. Nilipompelekea chai nilimkuta ananing'iniza kitu kwenye tawi la mkorosho wa bibi, mbali na upande anaopulizia. Ilikuwa simu yake ndani ya plastiki, na taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inawaka.