Muhtasari wa kikao cha ndani cha bodi: tathmini ya meneja, Jumamosi 14 Juni 2025

Tumekaa ofisini kwetu Kirumba, kikao kimefunguliwa saa 4:10 asubuhi na kimefungwa saa 6:05 mchana. Bodi ina wajumbe 7, wamefika 6, akidi imetimia. Mmoja yuko Ukerewe msibani, ametoa taarifa.

Meneja ndo katibu wa bodi siku zote ila leo ajenda ni yeye mwenyewe, kwa hiyo alitupitisha kwenye ripoti yake, akajibu maswali, saa 4:45 akatoka, na karani naye akatoka maana yuko chini yake. Mimi mjumbe nimepewa kalamu kwa leo tu. Mjumbe mmoja ni shemeji yake meneja, amelisema mwenyewe kabla hatujaanza kujadili na akatoka, hajashiriki wala hajapiga kura. Tumebaki 5, akidi bado ipo. Simu zote zimezimwa na kuwekwa kwenye sinia la chai pale dirishani, hakuna aliyerekodi.

Tumempima kwa malengo tuliyokubaliana naye Januari: marejesho ya mikopo, hoja za mkaguzi, huduma kwa wanachama. Nani kasema nini sijaandika na sitaandika, watu wamesema kwa uhuru kwa sababu walijua hivyo.

Maamuzi:

Kazi yake inaridhisha, maeneo ya kuboresha ni mawili na yapo kwenye barua yake. Wanne wamekubali, mmoja hajakubali, aliulizwa kama anataka jina lake liandikwe, akasema hapana.

Mwenyekiti na makamu watamwambia uso kwa uso Jumanne 17 Juni na kumkabidhi barua. Ana siku 14 za kujibu kwa maandishi, jibu lake litakaa faili moja na barua. Suala la mshahara halitaguswa mpaka jibu lifike.

Hakuna tuhuma ya nidhamu iliyojadiliwa. Ikitokea siku moja basi itaenda kwa njia yake, apewe taarifa na nafasi ya kujitetea kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inavyotaka, sio kupitia mlango huu.

Muhtasari wa kawaida wa bodi utasema tu kwamba tulikaa faragha kuanzia saa 4:45, kuhusu tathmini, na uamuzi umefikiwa. Huu hapa utafungwa kwenye bahasha kabatini kwa mwenyekiti. Jamani naomba sana usipigwe picha wala kutupwa kwenye grupu la Watsapu, hizi ni taarifa binafsi za mtu na zina sheria yake ya 2022. Karatasi yangu ya rafu, moja tu, nitaichana mbele ya mwenyekiti mkishaupitisha huu, kwa sababu hakuna kesi wala uchunguzi unaoihitaji, ungekuwepo ningeitunza.

Meneja ameitwa tena saa 6:00, ameambiwa tarehe ya kuonana na mwenyekiti, basi.

Nimeandika mimi, mjumbe, katibu wa muda. Mwenyekiti atasaini kikao kijacho baada ya wale 5 kuusoma hapo hapo mezani.