Kikao cha Jumamosi

Mwenyekiti wa LC, baraza letu la kijiji, alifungua kikao saa kumi jioni, chini ya mwembe, hapa kijijini kwetu nje kidogo ya Busia. Walio hai walikaa kwenye mabenchi. Wafu, kama kawaida, kwenye mikeka upande wa kivuli, maana jua huwachosha upesi. Katibu akaandika mahudhurio: hai 41, wafu 17, udhuru 2.

Ajenda ilikuwa moja: kisima kichimbwe wapi.

Tulibishana mpaka mama akanyoosha mkono. Alifariki mwaka juzi, msimu wa kuvuna mtama, na bado anavaa gomesi ya kijani tuliyomzikia, yenye kifungo nilichokishona vibaya kwa haraka ya msiba.

“Msichimbe karibu na kanisa,” alisema. “Chini pale ni mwamba mtupu. Maji yako nyuma ya shamba la mihogo. Usiku tunayasikia yakipita.”

“Asante, mama,” mwenyekiti akasema. Katibu akaandika.

Baadaye nilimshonea upya kile kifungo. Shingo yake ilikuwa baridi kama mtungi. Alisimama kimya, kidevu juu, kama nilivyosimama mimi alipokuwa akinifunga vifungo vya sare ya shule. Kisha akaniuliza kama mbuzi amezaa.