Ninadaiwa, na Meza Yangu Haiuzwi

Karibu, ndugu yangu, simama upande huu wenye kivuli, kwa sababu nataka habari zangu uzisikie kwangu mwenyewe kabla hujazisikia kwenye meza za wengine. Mimi ni Mama Salma, muuza nyanya wa Soko la Ilala, Dar es Salaam. Inasemwa katika safu hii ya meza kwamba madeni yamenifika shingoni, kwamba meza yangu inatafutiwa mnunuzi, na kwamba mteja mwenye akili asiniachie hela ya mzigo wa kesho. Kuhusu meza, huo ni uongo. Kuhusu madeni, ni kweli kwamba ninadaiwa, na nitakueleza ninadaiwa na nani, kiasi gani na kwa nini, kisha uamue mwenyewe kama mtu wa namna yangu anafaa kuonewa haya.

Deni langu kubwa ni la mali kauli. Nyanya hizi unazoziona zimetoka Ilula, mkoani Iringa, zikateremka Kitonga usiku, zikapita Ruaha Mbuyuni, Mikumi na Morogoro, na Fuso ikaegesha hapa kabla ya adhana ya alfajiri. Dalali anayezipokea hanidai shilingi moja saa hiyo. Ninachagua matenga yangu, anaandika idadi katika kijitabu chake, na jioni ninampelekea fedha yake, au kesho yake asubuhi iwapo soko limelala. Hakuna karatasi ninayosaini wala rehani ninayoweka. Kinachosimama kati yetu ni neno langu tu. Wako wauzaji wenye mtaji taslimu kuliko mimi ambao hawajawahi kupewa hata tenga moja kwa kauli, kwa sababu siku nyanya zilipowaozea walizima simu. Mimi zikiniozea ninakwenda kwa dalali kwa miguu yangu, ninamwonyesha hasara, na tunapanga jinsi nitakavyoilipa. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba mzigo wote ulio mezani pangu ni wa deni, ananisifu bila kujua.

Deni la pili ni la kikoba. Nimenunua hisa zangu kila wiki pamoja na wanawake wenzangu wa hapa sokoni, na kwa hisa hizo nikakopa shilingi 900,000 za ada ya binti yangu anayesomea uuguzi. Hilo ninalitaja kwa sauti, kwa kuwa sijui fahari gani inayopita ya kumsomesha mtoto kwa nyanya.

Deni la tatu ndilo lililozaa maneno. Mume wangu alipolazwa kwa upasuaji, kikoba kilikuwa kimekwisha kugawana, na ndugu walikuwa wametoa walichonacho. Nikachukua mkopo wa wale tunaowaita kausha damu. Unaomba shilingi 500,000, wanakata fedha ya fomu na ya bima kabla hujazigusa, kisha unaanza kurejesha kila wiki kwa riba ambayo hakuna nyanya inayoweza kuizaa. Ukichelewa rejesho moja, wanakuja vijana wawili kukaa mezani pako tangu asubuhi, wakisema kwa sauti jina lako na kiasi unachodaiwa, ili aibu ikusukume kulipa. Walikaa hapa ulipoegemea wewe. Niliendelea kuuza mbele yao, nikahesabu fedha mbele yao, na jioni wakaondoka nayo. Deni hilo nimelimaliza, na hati ya kumaliza ninayo nyumbani. Mume wangu yuko hai. Ningeambiwa nichague tena, ningechukua mkopo uleule siku ileile.

Lakini jirani yangu wa meza ya kulia aliwaona wale vijana, na tangu siku hiyo amekuwa akiwaeleza wateja wangu habari ambayo haikumhusu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nasi tunazikana na kuozeshana watoto. Nitataja bei yake tu, maana bei iko wazi kwa kila mpita njia. Anauza sado kwa shilingi 6,500 nami ninauza kwa 8,000, na watu wananiuliza kwa nini ninawanyonya.

Tufanye hesabu pamoja. Tenga leo ni shilingi 70,000 kwa dalali, na ni tenga lilelile kwangu na kwake. Ninamlipa mpagazi shilingi 2,000, na ushuru na usafi vinachukua 1,000. Nikilipima, ninapata sado kumi na mbili, na mbili kati yake ni masalo, yaani nyanya zilizolainika njiani, ambazo ninaziuza 3,000 kila moja kwa wapika rojo. Sado kumi nzuri kwa 8,000 ni 80,000, ukijumlisha masalo ni 86,000. Toa gharama zote, nabaki na shilingi 13,000, ambazo ndizo chakula, nauli, kikoba na ada. Sasa piga hesabu hiyo kwa 6,500. Jumla ni 71,000, gharama ni 73,000, naye anapata hasara ya shilingi 2,000 kwa kila tenga. Nani anaamka usiku wa manane ili apate hasara? Tazama kitako cha sado lake. Kimegongwa kuingia ndani mpaka kimeinuka, na nyanya nzima kadhaa zimepotea humo kabla hujalipa. Halafu mimina fungu lake, uone masalo yaliyolala chini ya zile nyekundu za juu. Langu ligeuze, likague kitako, mimina lote hapa kwenye gunia. Watu wa Wakala wa Vipimo wakipita, mimi siendi kuficha chombo.

Wale wa kirikuu wanaouzia barabarani bila kulipa ushuru wananikera pia, ila hao ni shauri la halmashauri. Na usidhani kwamba ninamchukia kila anayeuza ninachouza. Yule bibi wa kona, muuza vitunguu, ananishinda. Anajua kitunguu cha Mang'ola kwa kukibonyeza shingo tu, wateja wangu wa vitunguu wameniacha wakamfuata, na sijawahi kumsema vibaya, kwa sababu amewachukua kwa haki.

Nami pia ninadai. Daftari hili limejaa mama lishe wanaopika kwenye majengo yanayojengwa, wanaolipwa mafundi wakilipwa. Mmoja wao ananidai heshima na mimi ninamdai shilingi 64,000, maana mkandarasi wa pale alisimamisha kazi na mafundi wakatawanyika na madeni ya chakula. Jirani alinishauri nikakae mlangoni kwake. Sitakwenda. Najua uzito wa mtu anayekaa kwenye biashara yako akitaja jina lako kwa sauti, na mama huyo hajawahi kunikwepa. Kila akipita anasimama, anasalimia, anaweka chochote alichonacho, hata kama ni 2,000.

Meza hii nilirithishwa na mama yangu mzazi, aliyeuza hapa wakati mimi ninafungwa mgongoni. Anayeitaka asiulize kwa majirani, aje aniulize mimi, nami nitamjibu kwa adabu kwamba haiuzwi. Masika yameanza, mashamba ya Ilula yanaoza kwa mvua, na tenga litapanda bei. Likipanda, nitakuambia limepanda kwa kiasi gani kabla sijakupimia. Kwa kesho, sado ni shilingi 8,000, na mama lishe aliyepunguza deni lake wiki hii nitampimia kwa 7,500.