YAH: SHIMO LA HATARI KWENYE KALAVATI, BARABARA YA MTAA, NYEGEZI

Mkurugenzi wa Jiji,
Mwanza.
14 Aprili 2025

Habari za kazi mkurugenzi. Mimi ni mkazi wa Nyegezi, nina duka la vifaa vya umeme hapa jirani na kalavati ninaloliandikia. Naomba mtume mtu leo leo kama inawezekana maana watu wanaumia.

Mvua hizi za masika zimekula udongo chini ya lami upande wa kushoto ukiwa unatoka barabara kubwa. Juu lami inaonekana nzima ila chini ni tupu, na kipande kimeshakatika, upana kama mita moja, kwenda chini unafika kiunoni kwa mtu mzima, na nondo mbili za kalavati zimechomoza zikitazama juu. Mchana ukiwa makini unaona. Mvua ikinyesha maji yanafunika kila kitu hujui barabara inaishia wapi, na taa ya barabarani hakuna. Juzi usiku bodaboda imeingia tairi la mbele, dereva kachanika paja na ile nondo, mama aliyempakia kaangukia upande wa barabara na ndoo yake ya dagaa, tukashukuru Mungu hakuna gari lililokuwa linakuja nyuma. Na watoto wa shule wanapita hapo hapo pembeni asubuhi bado giza.

Kipimo nimechukua kwa simu nikiwa nimesimama pembeni ya shimo lenyewe:

-2.58914, 32.91862

Ramani: https://www.openstreetmap.org/?mlat=-2.58914&mlon=32.91862#map=19/-2.58914/32.91862

Fundi akiandika kwa mkono tafadhali asiache ile alama ya kutoa mbele, sisi tuko kusini ya ikweta, akiiacha pini inaenda kuangukia kaskazini mwa Uganda. Akifika ataona matawi na tairi bovu tulivyoweka vijana wa hapa, ila usiku havionekani vizuri na maji yakija kwa nguvu yanavisomba.

Tunachoomba kwanza ni kuzuia ule upande, hata mapipa yenye rangi ya kung'aa na utepe yatatosha kwa sasa, gari zipite upande mmoja kwa zamu. Malori ya mchanga yasipite kabisa, uzito ule siku moja utaangusha kipande chote. Halafu ndo mje kujenga kalavati vizuri na kuzibua mtaro wa juu, umejaa taka, ndo maana maji yanatafuta njia chini ya lami, mkiziba shimo bila kugusa mtaro litarudi.

Najua barabara za mitaa ziko TARURA tangu 2017, kwa hiyo kama hii ni ya kwao naomba barua muwapelekee nyie wenyewe, isirudi kwangu ikalala. Nakala nampa mtendaji wa kata na picha nne nimeambatanisha. Mtu wenu akifika aulize duka la umeme, nipo kuanzia asubuhi mpaka saa mbili usiku, nitamwonyesha.

Asanteni,
Mkazi na mfanyabiashara, Nyegezi