Muhtasari wa Sura ya 4: Jinja, Aprili 1979

Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Jinja ilichukuliwa na jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa UNLA, jeshi la Waganda waliompinga Amin, tarehe 22. Hayo yamo katika historia. Yaliyobaki ni ya msimulizi, wakati huo karani wa stoo katika kiwanda cha nguo, aliyeyaandika akiwa mstaafu. "Anakumbuka" ni aliyoyaona, "aliambiwa" ni aliyoyasikia, "anadhani" ni aliyoyahitimisha baadaye.

Anakumbuka kumsikia redioni Luteni Kanali David Oyite-Ojok akitangaza kwamba Amin ameondolewa, majirani wamejazana chumbani kwake katika mtaa wa Walukuba, Jinja, sauti imepunguzwa. Tangazo lilikuwepo, chumba na majirani ni vyake. Maneno anayoyaweka katika alama za mnukuo hayarudiwi hapa, kwa kuwa yametoka kichwani mwake, si kwenye kanda.

Kisha wanajeshi wa Amin wanapita wakielekea mashariki. Anakumbuka malori yaliyosheheni magodoro na majokofu. Mwanzoni anataja malori 40, kurasa chache mbele 30. Muhtasari hauchagui, unasema "mengi". Aliambiwa na mlinzi kwamba kulikuwa na mpango wa kulipua bwawa la Owen Falls. Bwawa lilibaki zima, hilo halina ubishi. Ila anapoeleza kwamba mafundi wa umeme ndio waliokata nyaya za baruti, hapo anadhani tu: hakuwapo, na hata mlinzi hakumwambia hivyo.

Kiini cha sura ni siku jeshi la Tanzania lilipoingia Jinja. Anasema ilikuwa Ijumaa, watu wakitoka msikitini. 22 Aprili 1979 ilikuwa Jumapili. Huenda anakumbuka siku nyingine, au amezichanganya mbili. Ijumaa yake imeachwa ilivyo, kama yake. Anakumbuka askari kijana wa Kitanzania akimwita "ndugu" na kumwomba maji ya kunywa. Anaandika kwamba kwa miaka minane Kiswahili kilimjia kama amri ya mwenye bunduki, na siku ile alisikia mtu akiomba kwa lugha hiyohiyo. Hizi ndizo aya bora za sura, na ni ushahidi wa moyo wake, si wa Walukuba nzima. Anapoandika "sote tulilia kwa furaha", muhtasari unasema: yeye anakumbuka akilia, na anaamini wenzake walilia pia. Wapo waliokuwa na ndugu katika jeshi lililokimbia, na sura haiwasemi.

Mwishoni stoo ya kiwanda inaporwa. Anakumbuka mlango uliovunjwa na marobota ya khanga yakiburutwa barabarani. Anamshutumu mfanyakazi mwenzake kwa jina kuwa ndiye aliyetoa funguo, ingawa mlango, kwa maelezo yake mwenyewe, ulivunjwa. Shutuma hiyo ni madai ya msimulizi peke yake, na jina limeachwa nje ya muhtasari.