Deo, ni mimi Frank

Deo ndugu yangu, habari za Mwanza? Namba hii ni mpya, ndiyo maana jina halijatokea. Ni Frank.

Nianze na lile uliloniuliza mara ya mwisho: "Kaka, nimekukosea wapi?" Hukunikosea popote. Meseji ile niliisoma, na nyingine zote nilizisoma, nazichungulia kwa juu bila kuzifungua ili usione tiki za bluu. Vois nilizisikiliza usiku. Ile uliyorekodi ukiwa kwa fundi, cherehani inalia nyuma, unasema suti yangu imebaki mikono tu nikutumie vipimo, sijaifuta mpaka leo. Vipimo nilikuwa nimeshaviandika. Sikutuma.

Ilivyokuwa ni hivi. Kikao cha kwanza cha harusi mimi niliahidi laki tatu tena kwa mbwembwe, eti mpambe hawezi kuwa chini ya hapo. Februari kazini wakapunguza watu, nami nikawemo. Sikumwambia mtu. Kila mweka hazina alipotukumbusha kwenye grupu nilijibu "naingiza wiki hii," na wewe unanijua nikishaanza uongo wa namna hiyo, wiki hii haiishi. Halafu siku moja orodha ikatoka: Frank, 300,000, amelipa. Sikuwa nimetuma hata senti.

Nilijua ni wewe. Ungenidai mbele ya watu ningenuna siku mbili, yakaisha. Ulinistiri, tena kwa hela ya harusi yako mwenyewe, nikakosa pa kuweka uso. Nikatoka kwenye grupu, laini nikaitoa, Aprili ikapita. Nikikwambia nilikosa nauli nitakuwa naongeza uongo mwingine, nauli ningekopa. Aliyesimama na wewe kanisani simjui hadi leo. Picha niliiona kwenye status ya mtu, nikaifunga haraka.

Baada ya hapo kila mwezi ulivyopita ndivyo kukujibu kulivyozidi kuwa kugumu. Ningeanzaje? "Mambo vipi"? Nilikuwa naandika, nafuta.

Sasa hivi niko Morogoro, Kihonda, kwa shangazi. Tangu Novemba nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mshahara si wa kumsimulia mtu, ila unaingia. Leo asubuhi nimekutumia laki moja, utaona jina langu kwenye muamala. Nyingine mwisho wa mwezi huu, ya mwisho mwezi ujao. Nakuomba usiirudishe, maana najua ndilo wazo lako la kwanza. Ule haukuwa mchango tena, lilikuwa deni, na anayedaiwa akilipa anapumua.

Shemeji naye nina neno naye. Siku ya send-off alinipigia mwenyewe, simu ikaita mpaka ikakata. Kama hutajali, mwambie nitamwomba radhi kwa mdomo wangu, si kupitia kwako. Na Mama pia. Mtu aliyenikarangia sato kila likizo kisha nisimuage wala nisimjulie hali, huyo siwezi kumtumia meseji. Mpe shikamoo yangu kama ataipokea. Miguu yake inaendeleaje?

Nimesikia mmepata mtoto wa kike. Hongereni sana. Jina lake sikuuliza kwa aliyeniambia, niliona aibu kulisikia kwa mtu wa pembeni.

Ukiwa na hasira, sema zote, sitajitetea. Ukiwa umeshanizoea kama mtu aliyepita, hilo nalo una haki nalo. Ila mimi nimekukumbuka, Deo. Juzi kaja mteja anabishana bei ya misumari mpaka shilingi hamsini, nikacheka peke yangu kaunta nzima, tungekuwa tunaongea kama zamani ungeipata vois hapo hapo.

Bosi amenipa ruhusa wiki inayofuata Nane Nane. Nataka kupanda basi nije Mwanza, nishukie Nyegezi, nifikie gesti, nije kwenu siku mtakayosema, hata kwa saa moja. Bila ruhusa yako siji. Sitaki kukutokea mlangoni ukalazimika kunikaribisha mbele ya Mama.

Jumapili saa moja jioni nitakupigia, mara moja tu. Ukipokea tutaongea. Usipopokea sitakusumbua tena na simu, na zile laki mbili zitaingia vilevile kwa tarehe nilizotaja. Laini hii siibadilishi, na safari hii ukiniandikia, hata ukiandika matusi matupu, nitajibu siku hiyo hiyo.

Frank